Saba Jumlisha Moja

Jumatatu

Leo asubuhi nimewaambia wanafunzi wa kidato cha tano kwamba Jumatano ya wiki ijayo nitawaletea mashine ya kujumlisha niliyoiunda kwa mkono wangu. Hakuna aliyeniomba. Nilikuwa nafafanua namba za sifuri na moja, nikaona macho yamelegea, ulimi ukanitangulia.

Jioni nimeanza na kijumlishi nusu, maana ndicho kidogo kuliko vyote. Kinapokea biti mbili na kutoa biti mbili: jumla na ya kubeba. Sifuri na sifuri ni sifuri. Sifuri na moja ni moja. Moja na moja ni mbili, ambayo kwa lugha hii huandikwa 10, yaani andika sifuri, beba moja. Ukitazama safu ya jumla peke yake, inawaka pale tu biti mbili zinapotofautiana, na hiyo ni kazi ya geti ya XOR. Safu ya kubeba inawaka pale tu zote mbili zikiwa moja, na hiyo ni kazi ya AND.

```
S = A XOR B
C = A AND B
```

Kwa hiyo zinahitajika geti mbili tu, zote zikila kutoka waya zile zile. Nina chipu ya 74HC86 yenye XOR nne ndani, na 74HC08 yenye AND nne. Nimezichomeka kwenye bredibodi juu ya meza ya jikoni, mguu wa 14 kwenye volti 5, mguu wa 7 kwenye sifuri. Umeme nimeuchukua kwenye chaja ya simu ya mke wangu.

Chipu ya XOR imenichoma kidole. Nilikuwa nimeichomeka kinyume. Chipu ina kikato kidogo upande mmoja, na mguu wa kwanza uko kushoto kwake. Ukiigeuza, mguu wa 14 unakaa palipokuwa pa mguu wa 7, na wa 7 palipokuwa pa 14, hivyo umeme unaingia kwa mlango wa kutokea. Haikutoa moshi. Ilipata moto tu, ikaacha kazi.

Nina nyingine moja. Kidole kimewekwa kwenye maji.

Jumanne

Kijumlishi nusu kimefanya kazi kwa dakika nne. Kisha nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, na kitaa cha jumla kikawaka. Nikarudisha mkono, kikazima. Nikanyoosha tena, kikawaka. Mke wangu amesimama mlangoni akitazama.

"Inajumlisha nini hapo?"

Nimesema inajumlisha mkono wangu.

Sababu yake si ya ajabu. Swichi zangu zinaunganisha mguu wa chipu na volti 5 zinapofungwa. Zinapofunguliwa, haziunganishi mguu huo na kitu chochote. Nilidhani "chochote" ni sawa na sifuri. Kwa chipu za aina ya HC, mguu usioshikwa na kitu hauko sifuri wala moja, unaelea. Unahitaji chembe ndogo mno ya umeme ili ubadili mawazo, na mkono wa mtu aliyekaa karibu na waya za nyumba unatosha kabisa.

Dawa yake ni rezista ya kiloomu 10 kutoka kila mguu wa kuingizia kwenda sifuri. Swichi ikiwa wazi, rezista inauvuta mguu chini. Swichi ikifungwa, volti 5 zinashinda, na kinachopotea kwenye rezista ni nusu ya miliampia. Geti zisizotumika ndani ya chipu nazo nimezifunga miguu ya kuingizia kwenye sifuri, zisije zikaanza kuota peke yake.

Sasa naweza kunywa chai. Simu ya mke wangu imebaki na asilimia 7.

Jumatano

Kijumlishi nusu kina ulemavu mmoja: kinapokea wageni wawili tu. Kwenye nafasi ya moja hilo linatosha. Kwenye nafasi ya mbili kuna mgeni wa tatu, ile moja iliyobebwa kutoka kulia, na haina mahali pa kukaa. Kijumlishi kamili ndicho chenye viti vitatu.

Huhitaji kukibuni upya. Unachukua vijumlishi nusu viwili. Cha kwanza kinajumlisha A na B. Cha pili kinachukua jumla hiyo na kuijumlisha na iliyobebwa. Jumla inayotoka hapo ndiyo jibu. Ya kubeba inaweza kutoka kwenye nusu ya kwanza au ya pili, kwa hiyo unaziunganisha kwa geti ya OR.

```
S    = A XOR B XOR Cin
Cout = (A AND B) OR (Cin AND (A XOR B))
```

Nimekwenda Kariakoo kutafuta 74HC32, chipu ya OR. Muuzaji hakuwa nayo. Amenipa 74HC08 akisema ni hizo hizo, zote zina miguu 14.

"Bwana, hii ni AND."

"Mwalimu, kuna tofauti gani?"

Nimemweleza. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha amesema wateja wengine hawalalamiki.

Kwenye daladala ya kurudi nimesimama nikiwa nimeshika bomba, nikifikiria OR ambayo sina. Nimejiuliza ni lini hasa nusu zote mbili hubeba kwa pamoja. Nusu ya kwanza ikibeba, maana yake A na B zote ni moja. Zikiwa zote moja, jumla yao ya kwanza ni sifuri. Nusu ya pili ikipokea sifuri haiwezi kubeba, hata iliyobebwa iwe moja. Kwa hiyo hazibebi pamoja hata siku moja. Na OR na XOR zinatofautiana mahali pamoja tu, pale zote mbili zinapokuwa moja, mahali ambapo saketi yangu haifiki. Naweza kuweka XOR palipo na OR, na mashine isijue.

Nikahesabu. Vijumlishi kamili vinne vinataka XOR nane za kujumlisha na AND nane. Nikiongeza XOR nne badala ya OR, zinakuwa 12. Chipu moja ina nne. Yaani chipu tatu za XOR na mbili za AND, bila geti hata moja kubaki.

Nilipoinua kichwa nilikuwa nimepita kituo changu kwa vituo viwili. Nimeshuka, nimepanda ya kurudi Kariakoo, nimenunua 74HC86 mbili na ile 74HC08 yake. Muuzaji ameuliza kama ile OR nimeipata. Nimesema sikuihitaji. Amenitazama kama mtu anayetazama mteja anayeringa.

Alhamisi

Leo ni siku ya mnyororo. Vijumlishi kamili vinne vimepangwa mstari: nafasi ya moja, ya mbili, ya nne na ya nane. Ya kubeba ya kila kimoja inaingia kwenye kiti cha tatu cha jirani yake wa kushoto. Ya kubeba ya mwisho inakwenda kwenye kitaa cha tano, ambacho thamani yake ni 16. Namba kubwa kabisa ya kuingiza ni 15 kwa kila upande, na 15 na 15 ni 30, hivyo vitaa vitano vinatosha.

Nimemaliza saa tano usiku. Kabla ya kugusa swichi yoyote, mashine ilikuwa tayari inaonyesha 1. Nimejumlisha 6 na 6, ikasema 13. 9 na 6, ikasema 16. 15 na 15, vitaa vyote vitano vikawaka, 31. Vilipendeza. Havikuwa sahihi.

Kosa likiwa la namna moja kila mara, usihangaike na waya sitini, tafuta kitu kimoja. Hapa kila jibu lilizidi kwa moja, na mahali pekee ambapo moja ya ziada inaweza kuingilia bila kuitwa ni kiti cha tatu cha kijumlishi cha kwanza kabisa. Hakuna jirani wa kulia wa kukiletea chochote, kwa hiyo lazima kifungwe kwenye sifuri. Nilikuwa nimekifunga kwenye volti 5. Mstari mwekundu na mstari wa bluu kwenye bredibodi imetengana kwa tundu moja, na miwani yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lililoko kwenye maji.

Nimehamisha waya tundu moja. 6 na 6 ni 12.

Ijumaa

Asubuhi nimeijaribu tena kwa utulivu. Huwa napenda kujaribu kwa 6 na 9, kwa sababu 6 ni maandazi ya mfuko mmoja wa mke wangu na 9 ni watu wa nyumba hii wageni wakiwepo. 6 na 9 ni 15, sawa. 9 na 9 ni 18, sawa. 15 na 6 ni 21, sawa. 15 na 15 ni 30, sawa. Sifuri na sifuri, giza, sawa. Nimeandika kwenye daftari: imekamilika. Nimepiga mstari chini yake kwa rula.

Jumamosi

Binti yangu wa darasa la nne amekuja mezani na kuomba ajaribu. Nimemwambia achague namba yoyote. Amechagua moja na moja.

Mashine imesema 9.

"Baba, moja na moja ni tisa?"

Nimemwambia aende akacheze.

Nimeketi saa nzima nikipima kwa mita. Kila geti ilikuwa inafanya kazi yake. Kila waya wa kubeba ulikuwa mahali pake. Mwishowe nimeingiza sifuri upande wa A na moja upande wa B, na kitaa cha 8 kikawaka. Nimeingiza 2, kikawaka cha 4. Swichi za B nilikuwa nimeziunganisha kinyumenyume: ya kulia kabisa, ambayo ni ya moja, imekwenda kwenye nafasi ya nane, na ya nane imekwenda kwenye ya moja.

Sasa tazama 6 na 9 zangu. 6 ni 0110, na 9 ni 1001. Ukizisoma kutoka kulia au kutoka kushoto ni zile zile, kama neno "ini" au "ana". 15 nayo ni 1111, na sifuri ni 0000. Katika namba 16 za biti nne, hizo nne ndizo pekee zinazosomeka sawa pande zote, na mimi nilikuwa nimejaribu kwa hizo nne tu. Mashine iliyogeuzwa B inajibu sahihi kila B inapokuwa mojawapo ya hizo, yaani mara 64 katika 256. Robo ya maswali yote ingefaulu. Mimi nilikuwa naishi ndani ya robo hiyo kwa raha.

Nimegeuza waya nne. Nimemwita binti yangu arudi, nikamwonyesha moja na moja. Ameona 2, akasema hilo alikuwa analijua.

Ule mstari wa rula nimeufuta.

Jumapili

Nimeamua kujaribu maswali yote 256. Namba 16 za A mara 16 za B. Sekunde kumi kila moja ni kama dakika 43, sijaona ubaya wake. Mke wangu amekubali kusoma vitaa huku mimi nikipiga swichi, kwa sharti kwamba meza iwe wazi kabla ya saa kumi alfajiri, wakati wa kukanda unga wa maandazi.

Katikati ya safu ya saba nimemweleza kwamba mwaka 1937 George Stibitz, mwanahisabati wa Maabara za Bell huko Marekani, alijenga kijumlishi cha namba hizi hizi kwenye meza ya jikoni kwake. Alitumia relei za simu, balbu za tochi, na vipande vya bati alivyokata kwenye kopo la tumbaku. Kilikuja kuitwa Model K, kwa sababu ya hilo jiko.

Amenyamaza kidogo, kisha amesema basi mke wa Stibitz alikuwa na meza mbili.

Maswali 256 yamekwisha. Yote sahihi. Sikuandika kwamba imekamilika.

Jumatatu

Asubuhi nimekuta unga ndani ya matundu ya bredibodi. Nimeutoa kwa brashi ya viatu. Bado inajumlisha.

Fundi redio wa jirani amepita kuitazama. Amepiga 7 na 1, ikaja 8. Ameuliza iko wapi hiyo ya kubeba ninayotaka kuwaonyesha wanafunzi. Nimemwambia imeshatokea. Ameuliza lini.

Ana haki. Ya kubeba husafiri kutoka nafasi ya moja hadi ya mwisho kama ndoo za maji zinazopokezanwa mkono kwa mkono. Kwenye kijumlishi cha kwanza inaweza kupita geti tatu, na kwenye kila kinachofuata inapita mbili, jumla geti tisa. Kila geti ya HC kwenye volti 5 inachukua takriban nanosekunde 10, kwa hiyo safari yote ni kama nanosekunde 90. Wanafunzi wangu hawatanyamaza kwa muda mfupi kiasi hicho.

Fundi akasema, kama inakimbia, ifunge mawe miguuni. Ameniachia kapasita tatu za mikrofaradi 100.

Nimezikata waya tatu za kubeba zilizoko kati ya majirani. Kwenye kila moja nimeweka rezista ya kiloomu 10, kisha kapasita kwenda sifuri, mguu wa hasi chini. Sasa moja ikitoka kwa jirani, haifiki papo hapo. Inajaza kapasita kwanza, taratibu, kama mtungi chini ya bomba lenye maji haba.

Ikachelewa, ndiyo. Lakini katikati ya safari vitaa vikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Geti ya kawaida haipendi kupewa volti inayopanda polepole. Ikifika katikati, si sifuri wala moja, inageuka na kurudi mara nyingi kabla ya kuamua.

Jibu limetoka kwenye kopo la fundi: 74HC14. Chipu hii ina vigeuzi sita, na kila kimoja kina mipaka miwili. Hakikubali kwamba ni moja mpaka volti ipande vya kutosha, na kikishakubali hakirudi sifuri mpaka ishuke sana. Hapo katikati kinashikilia neno lake. Kwa kuwa kinageuza, unavitumia viwili viwili ili moja irudi kuwa moja. Waya tatu mara mbili ni sita. Kwa mara ya pili katika kazi hii, hesabu imetimia bila baki. Nimeogopa kidogo.

Jumanne

Nimeijaribu usiku, taa ya jikoni ikiwa imezimwa. Nimeweka 7 upande wa A na sifuri upande wa B, nikasubiri itulie. Kisha nikapiga swichi moja tu, ile ya moja ya B.

```
mwanzo        0111   7
papo hapo     0110   6
baadaye       0100   4
baadaye       0000   0
mwisho        1000   8
```

Kila hatua inachukua pungufu kidogo ya sekunde. Nafasi ya moja inaona moja na moja, inaandika sifuri palepale na kutuma ya kubeba. Nafasi ya mbili haijapata habari, bado inaonyesha moja yake ya zamani. Ikipata, nayo inageuka sifuri na kutuma mbele. Hivyo hivyo mpaka ya nane. Kati ya swali na jibu, mashine imesema 6, ikasema 4, ikasema 0, kila mara kwa mwanga kamili na bila haya.

Na ile ya haraka ya juzi ilisema maneno hayo hayo. Ilisema ndani ya nanosekunde 90, tukadhani imesema 8 tu.

Nimejaribu pia 8 na 4. Jibu limekuja mara moja, 12, kwa sababu hakuna cha kubeba. Kwa hiyo huwezi kujua kwa kutazama vitaa kama mashine imemaliza au bado iko njiani. Anayetaka kuitegemea lazima asubiri kila swali kwa muda wa lile refu kuliko yote, hata kama lake ni fupi. Nafasi zikiwa 32 badala ya 4, foleni inakuwa ndefu mara nane. Ndiyo maana chipu ya 74HC283, ambayo imekusanya vijumlishi vinne hivi ndani ya miguu 16, ina geti za ziada zinazokokotoa mapema ya kubeba, zisisubiri jirani aamke.

Mke wangu amewasha taa. Saa kumi alfajiri imefika.

Jumatano

Nimeibeba mashine shuleni ndani ya sinia la maandazi, nimeifunika kwa kitambaa. Waya mmoja umechomoka kwenye daladala. Ulikuwa ule wa kiti cha tatu cha kwanza. Nimeurudisha kwenye bluu, nikiwa nimevaa miwani.

Darasani nimeweka 7, wamesoma 7. Nimesema naongeza moja, atakayesoma jibu la mashine anyooshe mkono. Nimepiga swichi.

Wa kwanza, ambaye huwa wa kwanza katika kila jambo, amesema 6. Wengine wamecheka. Wa pili amemsahihisha, amesema 4. Wa tatu amesimama kabisa, akasema ni sifuri, mashine ya Mwalimu imekufa.

Hapo mlango ukafunguliwa. Ameingia kijana wa dawati la nyuma, ambaye kipindi kilikuwa kimeanza bila yeye. Ameomba radhi, ametazama vitaa, na akasema: "Nane."

Nimewaambia jibu ni nane.

Kisha nimefungua daftari na kumwandika kwenye orodha ya waliochelewa.